Ujumbe wa lori uliofika jioni: Kwa nini simu huchelewesha arifa

MKULIMA mdogo wa majani chai katika vilima vya Kericho na Bomet huishi kwa saa za lori. Majani yakishachumwa, yale mawili na kichipukizi chake, huanza kunyauka papo hapo. Yakikaa yakiwa yamelundikwa kwenye gunia hupata joto, yakabadilika rangi kuwa mekundu, na karani wa kituo cha kununulia majani hana budi kuyakataa. Ndiyo maana habari kwamba lori litawahi au litachelewa kufika kituoni ni habari yenye thamani ya pesa.

Zamani habari hiyo ilipigiwa mbiu au kupelekwa na watoto waliotoka shuleni. Siku hizi karani huiandika kwenye kundi la WhatsApp la kituo, na papo hapo anaamini kuwa wakulima wote wameipata. Imani hiyo mara nyingi si sahihi, na ugomvi mwingi unaozuka kwenye mizani una chanzo chake humo.

Tuchukue mfano wa mkulima wa pande za Mogogosiek, eneo la Konoin, katika Kaunti ya Bomet. Mvua imenyesha usiku kucha na barabara ya kuelekea kiwandani imeanza kuteleza. Saa nane na dakika kumi mchana, karani anaandika kundini kwamba lori litapita saa kumi kamili badala ya saa kumi na moja na nusu. Mkulima wetu yuko shambani na vibarua wawili. Simu yake ameifunga kwenye karatasi ya plastiki na kuitia mfukoni mwa koti, na koti ameliangika mtini kwenye ukingo wa shamba.

Saa tisa simu inalia. Anaiendea, anaiwasha, anakuta ujumbe wa M-Pesa: mwanawe amemtumia pesa. Anausoma, anarudisha simu kotini na kuendelea kuchuma. Anafika kituoni saa kumi na dakika arobaini akiwa na kilo 46 za majani, na kituo ni kitupu. Lori limekwenda. Hapo ndipo anapofungua WhatsApp ili aulize kulikoni, na mara ujumbe saba unamiminika kwa mpigo, wa karani ukiwa wa kwanza.

"Mzee, ujumbe niliutuma saa nane. Tazama hata kwenye simu yako, saa imeandikwa," karani anajitetea.

Ni kweli, saa iliyoandikwa kando ya ujumbe ni 14:10. Lakini saa hiyo ni ya kutumwa, si ya kufika. WhatsApp humwonyesha mpokeaji wakati ujumbe ulipotoka kwa mtumaji, hata kama uliingia kwenye simu yake saa mbili na nusu baadaye. Kwa hiyo ushahidi anaoutoa karani hauthibitishi lolote kuhusu mkulima, na mkulima anayeapa kuwa hakupata kitu hasemi uongo.

Ushahidi wa kweli umo kwenye simu ya karani mwenyewe. Akiubonyeza ujumbe wake kwa muda kidogo kisha achague `Info`, ataona orodha mbili: waliousoma chini ya `Read by`, na wale ambao umewafikia chini ya `Delivered to`, kila jina likiwa na saa yake. Kwenye jina la mkulima wetu ataona 16:40. Katika mazungumzo ya watu wawili mambo ni mepesi zaidi: alama moja ya vema ya kijivu humaanisha ujumbe umefika kwenye seva za WhatsApp, na alama mbili humaanisha umefika kwenye simu ya mwenzako. Ujumbe uliokaa na alama moja kwa saa mbili haukuwa kwenye simu kwa saa hizo mbili.

Jambo la kwanza ambalo watu hulaumu ni mawimbi. Lawama hiyo ina msingi wake katika nchi ya vilima na mabonde, ambapo mtu huteremka hatua mia moja kuelekea mtoni na simu ikapoteza mtandao. Hata hivyo, katika kisa hiki ujumbe wa M-Pesa uliingia saa tisa bila tatizo, na jambo hilo laweza kumpotosha mtu kama halichambui vizuri. Ujumbe mfupi wa SMS hausafiri kwenye intaneti. Hupitia njia ileile ambayo mtandao hutumia kuiita simu inapopigiwa, njia ambayo kila simu huisikiliza muda wote hata ikiwa imelala. Hakuna mpangilio wa kuokoa betri unaoizuia. Hii ndiyo sababu simu ndogo ya tochi, ile ambayo Wakenya waliibatiza mulika mwizi, haikosi ujumbe ilhali simu ya bei kubwa inaukosa.

WhatsApp nayo hutegemea intaneti, na hapa inafaa kueleza safari ya ujumbe. Watu wengi hudhani kwamba kila programu kwenye simu hukaa macho ikisubiri. Lau ingekuwa hivyo, betri isingefika adhuhuri. Katika simu za Android, kazi ya kusubiri amekabidhiwa bawabu mmoja tu, naye ni huduma za Google zilizomo ndani ya simu. Bawabu huyu hushikilia uzi mmoja wa mawasiliano na seva za Google. Ujumbe wa WhatsApp unapokuja, seva za WhatsApp huiambia Google, Google huutikisa uzi, bawabu huiamsha WhatsApp, nayo huenda kuuchukua ujumbe na kulia. Yote haya huchukua sekunde moja au mbili mambo yakiwa sawa.

Mnyororo huo waweza kukatika mahali patatu, na kila mahali pana dalili yake.

Mahali pa kwanza ni kwenye usingizi wa simu yenyewe. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu ambayo skrini yake imezimwa, haijaunganishwa na chaja na haisogei, huingia katika hali iitwayo Doze. Humo programu hunyimwa intaneti, na hufunguliwa mlango kwa dakika chache tu kila baada ya muda. Muda huo hurefuka kadiri simu inavyozidi kutulia: katika mpango wa asili ulikuwa saa moja, kisha mbili, kisha nne, na mwisho sita. Mwaka 2016, Android 7.0 iliongeza usingizi mwepesi unaoanza hata simu ikiwa mfukoni mwa mtu anayetembea.

Wengi wanaosoma habari za Doze huhitimisha kwamba mwizi amepatikana. La hasha. Google iliacha tundu maalumu kwenye ukuta huo: ujumbe uliotiwa alama ya dharura hupita Doze na kuiamsha programu, na programu za mazungumzo kama WhatsApp hutumia alama hiyo. Zinazosubiri mlango ufunguliwe ni zile za habari, za hali ya hewa, baadhi ya barua pepe, na matangazo ambayo waundaji wake hawakuyapa alama ya dharura. Kwa hivyo, mkulima akipata tahadhari ya mvua ya mawe kupitia programu fulani baada ya mawe kwisha kuanguka, Doze yaweza kuwa mshukiwa. Ujumbe wa WhatsApp ukichelewa, mshukiwa mkuu hutafutwa kwingine.

Mahali pa pili ni kwenye uzi wa bawabu. Mtandao wa simu hauwezi kuweka wazi njia za mamilioni ya wateja ambao hawazungumzi, kwa hiyo njia iliyokaa kimya kwa muda hufungwa kimyakimya. Simu haiambiwi. Bawabu huendelea kushika ncha ya uzi akidhani upande wa pili umo mkononi mwa Google, kumbe umekwisha kukatwa. Ili kuzuia hali hiyo, hutuma salamu fupi kila baada ya muda, ambao kwa miaka mingi ulikuwa kama dakika 28 kwenye mtandao wa simu na dakika 15 kwenye Wi-Fi. Njia ikifungwa katikati ya salamu mbili, ujumbe hukaa kwa Google hadi salamu inayofuata itakapogundua kasoro na kuufunga uzi upya. Mabonde huongeza balaa hili, kwani kila mara simu inapopoteza mawimbi na kuyapata tena, uzi huhitaji kuundwa upya.

Dalili ya uzi uliokatika ni rahisi kuitambua. Programu zote huchelewa kwa pamoja, ucheleweshaji ni wa dakika kadhaa hadi nusu saa hivi, na mara nyingi kuiwasha skrini na kusubiri kidogo hutosha: arifa za WhatsApp, Facebook na barua pepe huingia kwa mkupuo bila mtu kufungua programu yoyote.

Lakini mkulima wetu aliiwasha skrini saa tisa, akausoma ujumbe wa M-Pesa, na wa karani haukuingia ng'o. Uliingia alipoifungua WhatsApp yenyewe. Tofauti hii ndogo ndiyo ufunguo wa kisa chote, nayo inatupeleka mahali pa tatu: programu iliyosimamishwa.

Android inatofautisha programu iliyolala na programu iliyosimamishwa. Iliyolala huamshwa na bawabu. Iliyosimamishwa, kwa mfano kwa kubonyeza `Force stop` kwenye mipangilio, haiamshwi na mtu yeyote isipokuwa mwenye simu kwa kuifungua kwa kidole chake. Bawabu akiletewa ujumbe wa programu ya namna hiyo huukosa mlango wa kubisha. Nao ujumbe haupotei, hukaa kwenye seva za WhatsApp mpaka programu ifunguliwe.

Mkulima atauliza, na ana haki ya kuuliza: mimi sijawahi kubonyeza kitu hicho, basi nani aliisimamisha? Jibu mara nyingi ni mtengenezaji wa simu. Makampuni kadhaa yanayouza simu za bei nafuu, na hata baadhi ya zile za bei ghali, yameongeza juu ya mipango ya Google walinzi wao wa betri, wakali kuliko Google yenyewe. Betri inayodumu siku mbili huuza simu, hasa mahali ambapo stima hupotea kila mvua inaponyesha kwa upepo, lakini gharama yake haiandikwi kwenye kasha. Mlinzi huyo huzisimamisha programu zisizo kwenye orodha yake ya ruhusa mara skrini inapozimwa kwa muda. Kuna tovuti iitwayo dontkillmyapp.com, iliyoanzishwa na waundaji wa programu waliochoshwa na malalamiko ya wateja, ambayo huyaorodhesha makampuni haya na kueleza tabia ya kila moja.

Isitoshe, wapo watumiaji wanaomsaidia mlinzi. Ni desturi iliyoenea, pengine iliyofunzwa na vijana wa maduka ya simu, kufungua orodha ya programu zilizotumiwa karibuni na kuzifagia zote ili "simu ipumue". Katika Android ya kawaida kufagia huko hakuzuii arifa. Katika simu za baadhi ya makampuni, hata hivyo, kufagia programu ni sawa na kuisimamisha, hivyo anayefagia asubuhi kabla ya kwenda shambani huwa amejifungia mlango kwa mkono wake. Wala betri haiokolewi sana, kwa kuwa kuianzisha programu upya kila mara hula nguvu zaidi kuliko kuiacha ilale.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, inafaa kufanya jaribio ambalo halihitaji chochote ila jirani mwenye simu. Simu yenye tatizo iwekwe mahali penye mawimbi mazuri, iunganishwe na chaja, skrini izimwe, iachwe kwa saa moja. Jirani atume ujumbe na kuangalia alama. Kisha jaribio lirudiwe siku hiyo hiyo, mahali palepale, simu ikiwa imechomolewa kwenye chaja. Alama mbili zikitokea mara moja simu ikiwa kwenye chaja, na kubaki moja ikiwa imechomolewa, basi mipango ya kuokoa betri ndiyo yenye makosa, kwa sababu Doze na walinzi wengi hawafanyi kazi simu inapochajiwa. Alama ikibaki moja mara zote mbili, uchunguzi uelekezwe kwenye uzi, au kwenye programu iliyokwisha kusimamishwa, na swali la kuwasha skrini au kufungua programu litawatenganisha wawili hao.

Na kama alama mbili zinatokea papo hapo lakini simu haikulia? Hapo ujumbe haukuchelewa hata kidogo. Kundi limenyamazishwa, au `Do Not Disturb` imewashwa, au sauti ya arifa za makundi imezimwa ndani ya WhatsApp. Wengi huhangaika na betri kwa wiki nzima kumbe waliwahi kulinyamazisha kundi kwa sababu ya salamu za asubuhi.

Turudi kwa mkulima wa Mogogosiek. Tiba yake ina sehemu mbili, na kuifanya moja tu hakutoshi. Sehemu ya kwanza ni ya Android yenyewe. Aingie `Settings`, kisha `Apps`, achague WhatsApp, kisha `Battery` au `App battery usage`. Kuanzia Android 12 ya mwaka 2021 atakuta hali tatu: `Unrestricted`, `Optimized` na `Restricted`. Akikuta `Restricted`, hiyo peke yake yaeleza msiba wake. `Optimized` ndiyo ya kawaida na katika simu isiyo na mlinzi wa ziada hutosha. Yeye achague `Unrestricted`. Papo hapo aangalie pia sehemu ya data, ahakikishe `Background data` imeruhusiwa, na kama anatumia `Data Saver` ili kubana bando, aipe WhatsApp ruhusa ya `Unrestricted data`. Bando lililobanwa hivyo huzuia programu kuchukua ujumbe hata betri ikiwa imejaa.

Sehemu ya pili ni ya mtengenezaji, nayo hutofautiana. Katika simu za Tecno na Infinix, mlinzi hupatikana ndani ya programu iitwayo Phone Master, kwenye sehemu ya `Auto-start`, ambapo WhatsApp inapaswa kuruhusiwa kujianzisha. Katika simu za Xiaomi sehemu hiyo huitwa `Autostart`. Katika Samsung aende `Battery`, kisha `Background usage limits`, aiondoe WhatsApp kwenye `Sleeping apps` na zaidi kwenye `Deep sleeping apps`, kisha aiongeze kwenye `Never sleeping apps`. Aidha, kwenye orodha ya programu zilizotumiwa karibuni, simu nyingi za aina hizi zina alama ya kufuli. Programu iliyotiwa kufuli haifagiwi pamoja na zingine.

Baada ya hapo jaribio la jirani lirudiwe bila chaja. Likifaulu siku hiyo lirudiwe tena baada ya simu kupokea toleo jipya la mfumo wake, kwa maana baadhi ya matoleo hurudisha mipangilio ilivyokuwa bila kumwarifu mwenye simu. Hili ndilo huwafanya watu waseme tatizo "limerudi lenyewe".

Mwenye hamu ya kuchungulia zaidi aweza kubonyeza `*#*#426#*#*` kwenye sehemu ya kupigia simu. Katika simu nyingi za Android ukurasa wa uchunguzi wa bawabu hufunguka na kuonyesha kama uzi umeshikamana na umeshikamana tangu lini. Uzi unaoonyesha kuunganishwa upya mara nyingi kwa saa moja ni uzi unaosumbuliwa na mawimbi, na mipangilio ya betri haitautibu. Dawa yake, kama ipo, ni kulisogeza koti hadi mti wa juu ya kilima.

Kishawishi baada ya kupona ni kuzipa programu zote `Unrestricted`. Anayefanya hivyo atajikuta na simu iliyozimika saa tisa mchana, na simu iliyozimika haipokei hata SMS. Programu mbili au tatu zinazobeba habari za haraka zinatosha. Vilevile, pindi betri inapopungua na simu ikaingia `Battery Saver`, iwe kwa kuwashwa au kwa kujiwasha, kazi za chinichini hubanwa, na arifa hazina tena uhakika wa kufika kwa wakati. Mwenye kutegemea lori afadhali apunguze mwanga wa skrini kuliko kutegemea hali hiyo kutwa nzima.

Upande wa karani, jambo la kufanya ni dogo. Anapobadilisha saa ya lori, na asubiri dakika kumi, aufungue ujumbe wake kwa `Info`, na awatazame wanachama ambao hawamo kwenye `Read by` wala `Delivered to`. Katika kundi la watu arobaini huenda wakawa watano au sita. Hao awapelekee SMS, au awapigie, kwa kuwa njia hiyo simu huisikiliza hata koti likiwa mtini.